Mkono wa Ami Mahrous

Mitambo yote ya kiwanda cha barafu pale mjini Sur ilikuwa ikifanya kazi, maana kamera ya joto haionyeshi kitu kama umeme haupiti. Turkiya alifungua bodi ya umeme, akaielekeza kamera. Nyaya mbili za mota kubwa zilionekana kijivu. Wa tatu, pale ulipobanwa na skrubu, uling'ara mweupe, ukizizidi zile mbili kwa nyuzi hamsini.

Akapima umeme wa nyaya zote tatu. Ulikuwa sawa, kwa hiyo mzigo haukuelemea waya mmoja. Tena joto lilipungua kadiri waya ulivyokwenda mbali na skrubu. Skrubu ilikuwa imelegea, na aliyeifunga wiki iliyopita alikuwa amesimama nyuma yake.

"Unaona nini, mwanangu?" aliuliza Ami Mahrous, aliyemfundisha kazi tangu alipotoka chuoni.

"Hii haingoji, ami. Ni ya leo hii."

"Sababu?"

Turkiya aliigeuzia kamera mota. "Labda mtikisiko wa mota."

"Kwa wiki moja? Usinipake mafuta. Andika haikukazwa."

Wakazima umeme, wakapima kuhakikisha umekatika. Wakakata ncha ya waya iliyoungua, wakaurudisha waya mahali pake. Mahrous akakaza kwa bisbisi mpaka mkono ukamtetemeka.

"Imefika," alisema.

Turkiya akajaribu. Skrubu ikazunguka tena nusu mzunguko.

Mahrous akarudi nyuma, akampisha. "Basi kaza na nyengine zote," alisema, akavua mkanda wake wa vifaa, akamvalisha.