Pete za Lenzi Iliyovunjika

Tangu asubuhi Roseline alikuwa ameinuka kitini mara ishirini na kitu. Mara afunge dirisha, upepo wa ziwa usije ukaleta vumbi. Mara alifungue, maana joto la taa ya sodiamu lilijaza maabara. Mara afungue kabati lake, achungulie kopo la maziwa ya unga lililojificha nyuma ya taulo, kisha alifunge upesi.

"Nyar Sindo, leo una siafu kwenye viatu?" Maxwell alimtania akiwa mlangoni, anangoja zamu yake ya mtihani. Kwao Roseline ni Sindo, ndiyo maana ya "nyar", binti wa huko kwa Kijaluo, na Maxwell hakumwacha asahau.

"Nyamaza, mtahini anakusikia."

Mtahini, Bwana Machuki, alikuwa ameketi mezani pembeni na karatasi zake. Alitumwa kutoka nje ya chuo kuwasimamia wanafunzi kumi wa diploma ya ualimu katika mtihani wa vitendo wa fizikia. Kazi ilikuwa moja: weka lenzi iliyobinuka upande mmoja juu ya kioo bapa, imulike kwa mwanga wa manjano, tazama kwa hadubini pete nyeusi na za manjano zinazojipanga kukizunguka kitovu, pima vipenyo vyake, kisha tafuta nusukipenyo cha mbinuko wa lenzi. Jibu lililochapwa kwenye mwongozo wa kusahihishia lilikuwa sentimita mia moja.

Jibu hilo kila mtu chuoni alilijua. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waliwarithisha wa pili, pamoja na jedwali zima la vipimo, kama ndugu wanavyorithishana sweta ya shule. Wenyewe waliliita "mia".

Alilolijua Roseline peke yake ni kwamba lenzi ya mia haikuwapo tena. Mwezi wa Machi, akiifuta kwa upindo wa aproni, ilimponyoka ikapasuka kwenye sakafu ya simenti. Alikuwa fundi wa maabara wa muda. Barua ya kumwajiri kwa kudumu ilikuwa ofisini, inasubiri sahihi. Akaokota vipande, akavitia koponi. Kwenye sanduku la vifaa vya zamani akapata lenzi nyingine ya ukubwa ule ule. Akaijaribu, pete zikatokea safi, akashusha pumzi. Hakuipima. Alijiambia atapima kesho, na kesho ikawa Juni.

Mwanafunzi wa kwanza aliandika mia. Wa pili, mia. Akaja Nchagwa, kijana wa Migori kule mpakani, mtu wa kuongea kwa nadra. Akakaa kwenye hadubini muda wote wa zamu yake, jasho likimtiririka. Roseline akamwona akiandika, akikata, akiandika tena. Waliobaki walikuja na mia zao, wa mwisho akiwa Maxwell, aliyemaliza kabla ya wakati akatoka akipiga mluzi.

Saa nane Machuki alimwita Nchagwa arudi. Wengine wakasogea dirishani wasikie.

"Kijana, wenzako tisa wamepata mia. Wewe umepata mia na ishirini na saba."

"Ndiyo, mwalimu."

"Tena umeandika hapa kwamba kitovu cha pete zako hakikuwa cheusi. Lenzi inapogusa kioo, kitovu huwa cheusi. Hukuliona hilo kitabuni?"

"Nililiona, mwalimu. Lakini hapa niliona mwanga. Nikaandika nilichoona."

Kicheko kikapasuka dirishani. Machuki akachukua kalamu nyekundu. Nchagwa alikuwa ameshafeli somo hili mara moja. Mara ya pili ni kurudi nyumbani bila cheti. Kila mtu pale alilijua hilo, na mikono ya kijana, aliyoishikilia mgongoni, ilikuwa ikifinyana yenyewe.

Roseline akasikia sauti yake kabla hajaamua kuitoa.

"Usimkate, Bwana Machuki."

Kalamu ikasimama. "Kwa nini, madam?"

"Kitovu kuwa na mwanga si kosa. Punje ya vumbi ikiingia chini ya lenzi, inaiinua kidogo. Pete zote zinahama pamoja. Lakini ukitoa mraba wa kipenyo kimoja kwenye mraba wa kingine, vumbi linajitoa lenyewe. Jibu halibadiliki."

"Hilo nalijua. Na hiyo mia na ishirini na saba?"

Roseline akaenda kabatini. Akalitoa kopo, akalimimina juu ya gazeti. Vipande vya kioo vikalia.

"Hii ndiyo lenzi ya mia. Niliivunja Machi. Iliyo pale ni nyingine."

Machuki akavigusa vipande kwa ncha ya kalamu.

"Nusukipenyo chake?"

"Sijui. Sikuipima."

Machuki akaweka kalamu chini. "Basi pima sasa. Mbele yangu. Usiguse lenzi, iache kama ilivyo."

Taa ilikuwa imezimwa. Roseline akaiwasha, ikatoa wekundu hafifu, na ilibidi wangoje dakika nyingi hadi ikomae na kuwa ya manjano. Akainama. Pete zilikuwa pale, zikizidi wembamba kadiri zinavyokwenda nje, na kitovu chenye mwanga butu. Akahesabu kutoka katikati hadi kumi na nane, kisha akaanza kurudi ndani, akizungusha skrubu ya kuisogezea hadubini upande mmoja tu. Kwenye ya kumi na tano akazungusha mno, akaipita.

"Rudisha kidogo," Maxwell akadakia dirishani.

"Skrubu ina ulegevu. Nikirudisha, itadanganya." Akarudi hadi nje kabisa, akaanza upya.

Kumi na tano kushoto. Tano kushoto. Akavuka kitovu bila kusimama. Tano kulia. Kumi na tano kulia. Machuki aliandika kila namba kwa mkono wake mwenyewe. Kipenyo cha pete ya tano, milimita 4.04, cha kumi na tano, 6.82. Akavizidisha kila kimoja kwa chenyewe, akatoa: 30.19. Akagawa kwa pete kumi, kwa nne, kwa urefu wa wimbi la mwanga wa sodiamu.

"Mia na ishirini na nane," akasema polepole.

Nchagwa akaachia mikono yake.

Machuki akafunua karatasi ya Maxwell. Pale tofauti ya miraba ilikuwa 23.6, safi, bila hata mkwaruzo wa kalamu. Akainua kichwa kuelekea dirishani.

"Nyinyi tisa mliipima lenzi gani? Hii iliyo vipande?"



Jioni ile Machuki aliandika taarifa. Nchagwa amefaulu. Tisa watarudia kesho. Fundi alificha kifaa kilichovunjika, akakiri mwenyewe. Roseline aliisoma, akatia sahihi. Kabla ya giza mkuu wa chuo alimwita akamwambia barua ya ajira itakaa miezi sita zaidi, kisha wataona. Roseline alisema asante.

Asubuhi alifika mapema. Kwenye bahasha mpya ya lenzi aliandika: sentimita 128, Juni 1996, na jina lake. Tisa wakaingia wamenuna.

"Umetuchoma, nyar Sindo," Maxwell akasema. "Watu wazima tukae tunahesabu mistari?"

"Mtahesabu." Roseline akabonyeza swichi, wekundu ukajaa kioo cha taa. "Inachelewa kukomaa. Keti hapo ungoje."