Barua Zilizowekwa kwenye Corbeille

Mimi ni mwepesi wa hasira, na wanafunzi wangu wote pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, wanalijua hilo. Ukinigusia kompyuta bila ruhusa nitakusema mbele ya watu. Lakini kwa habari ya papa Télesphore nilikasirika vibaya, na nilimkasirikia mtu asiye na kosa.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 26 Aprili 2017. Nilikuwa nafungua darasa la chama chetu cha wakimbizi, chumba kimoja chenye kompyuta sita, akaja papa Télesphore, fundi cherehani, mtu wa Bukavu, Kongo, kama mimi. Alikuja na mpwa wake Raïssa, binti wa miaka kumi na mitano, na wote wawili walikuwa na haraka.

"Mwalimu Annonciata, rendez-vous yetu imefika," akasema. "Tarehe kumi ya mwezi wa tano. Banatuita kwa entretien, mimi na bibi na batoto. Banasema Raïssa ataingia kwa dosiye yetu kama nitaleta ile karatasi mama yake alisaini. Bila ile, atabakia."

Ofisi ya kuhamishia wakimbizi nchi za nje, iliyowaita kwa mahojiano, haikumtambua Raïssa kama mtoto wake, maana hakuwa mtoto wake. Alikuwa mtoto wa dada yake, Capitoline, aliyefariki Bukavu mwaka uliopita. Kabla ya kufa Capitoline aliandika karatasi ya kumkabidhi kaka yake binti huyo, akaisaini mbele ya mashahidi wawili, akaenda nayo cyber, duka la intaneti, wakaipiga picha na kuituma kwa barua pepe. Karatasi yenyewe ilipotea nyumba ilipovunjwa. Nakala pekee duniani ilikuwa kwenye Gmail ya papa Télesphore.

"Basi tufungue tu," nikasema. "Jambo la dakika mbili."

Nikafungua. Nikaandika jina la Capitoline kwenye sehemu ya kutafutia. Hakikutokea kitu. Nikatafuta jina la ile cyber. Hakuna.

"Uliifuta?"

"Mi? Hapana! Nilizibatia barua zake zote muzuri zisipotee, kumi na moja. Niliziweka kwa corbeille."

Hapo niliinua kichwa. Gmail za wazee nilizifungulia mimi mwenyewe kwa Kifaransa ili wasisumbuke, na kwa Kifaransa corbeille ya Gmail ni pipa la takataka.

"Corbeille? Papa, kwa nini kule?"

Alinishangaa kama mimi ndiye nimechanganyikiwa. "Ulitufundisha wewe. Ulisema, 'Barua za maana musiziache zinachanganyikana na zingine, muzihamishe pahali pa salama.' Nikafungua liste, nikaona corbeille. Kwa kanisa yetu mi njo nabebaka corbeille, kile kikapu ya matoleo. Chenye kinaingia mule, nani atakigusa? Ni cha Mungu."

Raïssa aliinamisha uso. Mimi, badala ya kuinamisha wangu, nilipandwa na hasira. Nikamwambia kwamba kule ni jalalani, kwamba kitu kikikaa humo siku thelathini Gmail inakifuta yenyewe, na kwamba kikishafutwa humo ndiyo basi tena. Nilimuuliza alizihamisha lini. Alikumbuka vizuri, kwa sababu ilikuwa Jumapili baada ya ibada: tarehe tano Machi.

"Zimefutwa tangu tarehe nne ya mwezi huu," nikasema. "Zimekwisha, papa. Hata mimi siwezi."

Alimshika Raïssa bega wakatoka, na kofia yake akaisahau juu ya meza.

Usiku huo nilijua vizuri kwamba kosa ni langu. Nilifundisha watu wa kanisa neno "pahali pa salama" bila kuwaonyesha ni wapi, kisha nikawawekea mbele ya macho neno ambalo kwao ni takatifu. Niliona haya. Na mimi nikiona haya huwa nasoma, maana sina namna nyingine ya kujitetea.

Asubuhi nilifungua kurasa za msaada za Google. Kuna fomu ya kuomba barua zilizopotea, nikaijaribu kwanza, lakini maelezo yalikuwa wazi: kama anwani yako ni ya kazini au ya shule, mwone msimamizi wako. Za kwetu ni za chama. Tulizipata bure miaka ile Google walipokuwa bado wanazitoa bure, na kila mwanachama ana anwani yenye jina la chama mwishoni. Basi nikaenda kwenye kurasa za wasimamizi, na hapo nikakuta sentensi iliyonifanya nisimame. Barua ikishatoka kwenye pipa, msimamizi ana siku ishirini na tano za kuirudisha. Zikipita hizo hata yeye hawezi.

Nilihesabu kwa vidole, kisha nikahesabu tena kwenye kalenda ya ukutani. Kutoka tarehe nne Aprili, siku ya ishirini na tano ni tarehe ishirini na tisa, Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi.

Nikaingia upande wa usimamizi, maana mimi ni msimamizi mdogo wa chama. Naweza kubadilisha nywila za watu, naweza kufungua anwani mpya. Lakini sehemu ya kurudisha data sikuiona kabisa. Hiyo ni ya msimamizi mkuu peke yake, na msimamizi mkuu wa chama chetu ni René.

Niseme ukweli kuhusu René. Ndiye aliyeanzisha chama. Kisha alipata kazi katika duka la jumla la Old Town, Lilongwe, akahamia Area 49, na ule usimamizi mkuu akaondoka nao kama mtu anayehama na ufunguo wa nyumba ya pamoja. Niliudai mwaka 2015 mbele ya mkutano, nikamwita mchoyo. Naye akasema mbele ya mkutano huohuo kwamba mama Annonciata akipewa ataharibu kila kitu kwa hasira zake. Tangu siku ile hatukusalimiana.

Nilimpigia simu mara tatu, hakupokea. Nikaenda kwa papa Télesphore, nikamkuta kwenye cherehani anapinda sketi ya shule. Nikamrudishia kofia yake.

"Papa, nilikudanganya jana. Sikujua, nikasema kama ninayejua. Kuna njia, lakini tuna siku mbili."

Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Zinaweza kurudia?"

"Zinaweza. Si hakika."

"Twende," akasema.

Siku ile ilitupita katika kutafuta karatasi za ruhusa ya kutoka kambini. Ijumaa asubuhi tulikuwa Old Town, mimi, papa na Raïssa, tukipenya kati ya mabunda ya sabuni na wabeba mizigo wanaosema "zikomo", samahani ya Kichewa, huku wanakukanyaga. René alikuwa nyuma ya kaunta. Aliponiona, alianza kupanga risiti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mama Annonciata. Leo umekuja kunitukana mpaka kwa kazi yangu?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote matamu. Nikayameza. "Nimekuja kukuomba, René. Na kwa lile neno la mkutano, unisamehe."

Alimtazama papa Télesphore, kisha Raïssa. Papa akaeleza mwenyewe habari ya corbeille, bila kujificha. Nilidhani René atacheka. Hakucheka.

"Mama yangu naye angeweka kule kule," akasema. Akavuta kompyuta ya duka.

Ilikuwa kazi ndogo kuliko safari yetu. Akaingia upande wa wasimamizi, kwenye orodha ya watumiaji, akabonyeza jina la papa Télesphore, akachagua kurudisha data. Ikamtaka tarehe.

"Weka tano Machi," papa akasema. "Njo siku niliziweka."

"Hapana," nikamwahi. "Inataka siku zilipofutwa, si siku ulipozihamisha. Na haikubali zaidi ya siku ishirini na tano nyuma."

René akaweka kuanzia tarehe nne Aprili hadi siku ile, akachagua Gmail, akanigeukia. "Barua moja moja haichagui. Itarudisha zote zilizofutwa katika siku hizi, hata za takataka."

"Irudishe zote."

Akabonyeza. Ikaandika kwamba ombi limepokelewa. Papa Télesphore alisogea karibu na skrini akangoja, na mimi nikamweleza kwamba inaweza kuchukua saa kadhaa, pengine siku. Akauliza kama zile siku ishirini na tano zitaendelea kukimbia huku tunangoja. Nikamwambia ombi limeingia ndani ya muda, hiyo inatosha. Nilisema kwa sauti ya mwalimu, lakini sikuwa na uhakika hata kidogo.

Kabla hatujatoka René akaniita pembeni. "Nitakufanya msimamizi mkuu pamoja na mimi. Leo leo." Nilimshukuru. Ingekuwa siku nyingine ningemuuliza alikuwa anangoja nini miaka miwili yote.

Jumamosi hakikuonekana kitu. Papa Télesphore alikuja darasani mara nne. Mara ya nne hakuuliza, alikaa tu mlangoni.

Jumapili baada ya ibada walikuja tena, yeye na Raïssa. Nikafungua Gmail. Kulikuwa na barua nyingi kuliko nilivyowahi kuona kwake: matangazo, mahubiri ya kutumiwatumiwa, na katikati yake ile anwani ya cyber ya Bukavu, mstari kwa mstari. Papa akahesabu kwa sauti mpaka kumi na moja. Nikaifungua ya karatasi. Ile hapo: mwandiko wa kulala wa Capitoline, saini yake, saini za mashahidi, na jina la Raïssa limeandikwa kamili. Nikachapa nakala tatu papo hapo. Papa Télesphore alizishika kwa mikono miwili akalia bila kujifunika uso, na mimi nikalia pia, sioni aibu kusema.

Raïssa ndiye aliyeona, akamwambia mjomba wake: "Tonton, hii moja iko nyeusi. Hukuifungua?"

Kweli, ya juu kabisa ilikuwa na herufi nzito, haijasomwa. Ilifika siku mbili baada ya Capitoline kufa. Labda mtu wa cyber alichelewa kuituma.

"Nilishindwa," papa akasema. "Tulikuwa tumeisha kumuzika, tukisikiliza tu kwa simu. Nikaona jina yake inaingia tena. Nikasema nitaibatia tu, siku ingine nitapata nguvu. Niliiweka ya kwanza kwa corbeille, mbele ya zingine zote." Akamsogezea kiti. "Fungua we."

Raïssa akafungua, na sisi wawili tukatazama kando. Ilikuwa barua yake Raïssa, kutoka kwa mama yake. Nilisikia tu vipande, maana alisoma kwa sauti ndogo: kwamba asikubali kukatwa nywele, kwamba amlazimishe tonton kula mchana, kwamba hakumtuma mbali kwa kumchoka. Na mwishoni, "Ukipata hii, unijibu haraka, nijue uko muzuri."

Raïssa akavuta kibodi, akabonyeza pa kujibu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja.

Cyber ile ilishafungwa, na nilijua hakuna mtu atakayeifungua tena anwani hiyo. Kwa mara moja maishani nilifunga mdomo wangu. Nikamwacha aandike mpaka akamaliza, akatuma.