Seli Mbili Zisizolingana

Swabir aliingia katika kibanda cha Nzai pale Kombani asubuhi ya Jumatatu, akafungua kitambaa juu ya meza. Ndani mlikuwa na simu iliyoungua.

"Fundi, nataka uniandikie kwamba iliungua kwa kuwa ilifunikwa ikiwa kwenye chaji."

Nzai aliitambua. Wiki sita nyuma aliitengeneza yeye.

"Nani aliifunika?"

"Mke wangu, Hafsa. Mama yangu anasema aliiacha chini ya mto. Mwenyewe anakana. Godoro lilishika moto, mtoto ameungua mguu. Nimemrudisha kwao Kinondo mpaka ukweli ujulikane."

"Na mtoto?"

"Bado yuko wodini. Miaka mitatu, fundi."

Nzai alimwomba akae, akaifungua simu polepole. Ilikuwa ya zile nyembamba zinazojaa chaji kwa nusu saa. Betri yake si moja: ni seli mbili zilizounganishwa kwa mfululizo. Chaja huleta volti ishirini. Karibu na betri chipu ndogo huzigawa nusu na kuuongeza mkondo mara mbili, bila kupoteza nguvu nyingi kuwa joto. Volti kumi hivi ndizo zinazohitajika na seli mbili zilizofuatana, na mkondo mmoja huzijaza zote. Ndiyo maana simu nyembamba hustahimili nguvu kubwa namna ile.

Chipu ile ilikuwa nzima. Seli moja ilikuwa imebabuka tu upande mmoja. Ya pili ilikuwa imepasuka kutoka ndani, nayo ndiyo aliyoitia yeye.

Nzai aliweka bisibisi chini.

"Betri mpya ya aina yake haikupatikana," alisema. "Seli moja ilikuwa imekufa, nikaitoa, nikaweka nyingine kutoka simu kuukuu. Kwa umbo zililingana. Kwa uwezo, hapana."

"Sasa?"

"Kati ya seli hizi hupita waya mwembamba wa kupimia, ili kila moja ichungwe peke yake. Baada ya kuweka ile kuukuu, simu ilikataa kuchaji kwa kasi. Ilikuwa ikinionya. Mimi nikaukata ule waya, nikatia rezista mbili, vile vipande vidogo vya kuzuia umeme, ili simu idhani seli zimegawana volti sawa. Jumla ilisoma sawasawa kila siku. Lakini ile dhaifu ilijaa mapema, na mkondo ukaendelea kuisukuma, chaji baada ya chaji."

Swabir alimkazia macho. "Na kuifunika?"

"Simu ikipata joto hupunguza chaji yenyewe. Sitaki kusema kuifunika ni vyema. Lakini hii ingepasuka hata juu ya meza. Kosa ni langu."

Swabir aliinuka ghafla. Nzai alidhani angepigwa, wala hakurudi nyuma. Lakini Swabir alisema tu, "Twende ukayaseme haya mbele yake."

Kinondo walimkuta Hafsa ameketi barazani na mama yake. Nzai aliwaamkia, akaeleza yote tena, bila kupunguza neno. Hafsa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Niliiweka juu ya kigoda," alisema. "Ikaruka moto, ikaangukia kitandani. Nimeulizwa mara nyingi hata nikaanza kuuona ule mto machoni mwangu."

Swabir alipiga magoti. "Nisamehe, Hafsa."

"Mtoto anauguzwa na nani?"

"Mama."

"Nipeleke kwa mwanangu kwanza. Mengine yatasubiri. Na wewe fundi, twende pamoja. Mama mkwe naye akusikie kwa masikio yake."

Wodini, Bi Esha, mama yake Swabir, alikuwa akimpepea mjukuu wake. Mtoto alipomwona mama yake alilia, na Hafsa akampakata akiuhadhari ule mguu uliofungwa. Nzai alisema kwa mara ya tatu aliyoyasema. Yule bibi aliacha kupepea. Hakumtazama mkwewe, alisogea tu kwenye benchi, akamwachia nafasi ya kukaa. Kisha akamgeukia Nzai.

"Mwanangu, za namna hii umetengeneza ngapi?"

Nzai alihesabu moyoni. Swali hilo hakuwa amejiuliza.

"Nyingine mbili, mama."

"Basi unafanya nini hapa?"

Ya kwanza aliipata jioni ile ile Ukunda, akaizima na kuitoa betri mbele ya mwenyewe. Ya pili ilikuwa Vanga, kwa mchuuzi wa samaki aitwaye Jaafar, ambaye kila alipopigiwa alicheka na kusema simu haijawahi kumsumbua.

"Usiichaji," Nzai alimsihi. "Nakuja."

Kulipokucha alishika njia. Barabara ilikuwa mbovu, na mvua ya usiku ilikuwa imeifanya tope. Jaafar alimpokea mlangoni, simu mkononi, mgongo wa ile simu umetuna kidogo.

"Ni hii tu ndiyo iliyokuleta kote huku?"

"Ni hii," Nzai alisema, akanyoosha mkono.