Magauni Yaliyoandikwa "Imeuzwa"

Barua ya mamlaka ya kodi ilinitaka nijisajili kwa kodi ya mauzo ghafi, au nithibitishe kuwa mauzo yangu ya mwaka hayafiki kiwango cha kutozwa.

"Peleka daftari tu," wifi alisema. "Malipo ya simu, funga mdomo."

Nilisali, nikapeleka vyote, daftari na rekodi za malipo ya simu. Vililingana, kiwango hakikufikiwa.

Afisa akanigeuzia kompyuta. Kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni kila gauni liliandikwa "Imeuzwa".

"Mama, mbona haya hayamo daftarini?"

"Mengi bado yako nyumbani kwenye magunia. Niliandika hivyo ili wateja wagombanie."

"Kwa hiyo umemdanganya mteja, mimi hujanidanganya?" Akachukua funguo za gari. "Twende tukayahesabu."

Simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa wifi: "Magunia yote nimeshayahamisha. Wakija hawaoni kitu."