Kilichokatwa Hakisahihishwi

Wodini walimwita Mama Rula, na ingawa wauguzi hawana dogo, jina hilo hakupewa kwa kuchekwa. Kwa miaka kumi na tisa aliyofanya kazi ya msaidizi katika wodi ya wazazi, mfuko wa gauni lake la kazi haukukosa rula fupi ya plastiki. Anayekosea kuandika kwenye faili la mgonjwa hafuti wala hachafui. Anapiga mstari mmoja juu ya kosa, anatia sahihi pembeni, anaandika upya. Wenzake walipiga mstari kwa mkono, ukayumba, ikawa basi. Yeye alitoa rula, hata kwa neno moja.

Wengi walidhani ni unadhifu tu. Hawakujua ni woga, na yeye hakuwa mtu wa kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Mwaka mmoja kukatoka agizo: kila msaidizi asiye na cheti afanye mtihani wa nadharia, na atakayeshindwa mara tatu aondolewe kwa wagonjwa apelekwe kwenye chumba cha kufulia. Kufua si kazi ya aibu. Shuka safi imewaponya watu ambao hata dawa ilikuwa imeshindwa kuwaponya. Lakini Mama Rula alikuwa ameshika mikono ya akina mama wasiohesabika wakati wa uchungu, na alijua kwa kuutazama uso tu nani yuko karibu kujifungua na nani anapiga kelele za mapema. Kumtoa pale ilikuwa kumtoa roho akiwa anatembea.

Alama ya kufaulu ilikuwa hamsini. Mara ya kwanza akapata arobaini na nne. Mara ya pili, mwaka uliofuata, arobaini na sita. Vijana aliowafundisha kutandika kitanda cha mgonjwa walifaulu wakawa wanamwonea huruma, na hakuna kitu kinachochoma kama huruma ya mtu uliyemfundisha kazi. Ikabaki mara moja.

Binti yake alikuwa mwalimu wa baiolojia, na kila mwaka aliitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Jumamosi moja mchana, wiki mbili kabla ya mtihani, alikuja nyumbani na karatasi ya mtihani huo ya mwaka wa nyuma, akaondoa kitambaa cha meza ya chakula, akaweka saa ya ukutani mbele ya mama yake.

"Una saa tatu tu, mama. Hakuna kuinuka, hakuna kuonja mboga."

"Unanisimamia mimi niliyekuzaa?"

"Leo mimi ni msimamizi. Uzazi tutaurudia saa tisa."

Mama akacheka, akaandika. Saa tisa kamili binti akachukua majibu, akakaa upande wa pili na kalamu nyekundu. Alianza vizuri, akaweka vema moja baada ya nyingine. Kisha akageuza ukurasa, kalamu ikasimama. Akageuza mwingine. Mama Rula akajifanya anakunja kitambaa cha meza, akakikunja mara nne, akakikunjua.

"Mama, hii ni nini?"

Katika maswali manne makubwa, nusu ya maelezo ilikuwa imekatwa. Kila sentensi ilikuwa na mstari mmoja mwembamba ulionyooka kama uzi wa fundi.

"Nilianza kujibu, nikaona sijui mpaka mwisho. Nikakata."

Binti akaisogeza karatasi karibu na macho, akaanza kusoma yaliyokuwa chini ya mistari. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Swali liliuliza dalili sita za maambukizi baada ya kujifungua. Chini ya mistari palikuwa na dalili nne, na zote nne zilikuwa sahihi. Akaenda kwenye swali la maji ya dripu. Kanuni ya kukokotoa matone ilikuwa sahihi na namba zimewekwa mahali pake; kilichomshinda mama ni kugawanya tu.

"Huku kwetu kilichokatwa hakisahihishwi," alisema. "Tumeagizwa hivyo. Nikikutana na mstari, napita. Mama, hapa kulikuwa na alama nne. Hapa mbili, kwa kanuni na kwa kuweka namba, hata jibu lisipopatikana. Hapa tatu. Umezichukua alama zako mwenyewe ukazizika, tena kwa rula!"

"Nusu ya jibu si jibu."

"Nani kakwambia? Msahihishaji hashiki jibu zima mkononi akaliuliza kama limekamilika. Ana mwongozo. Mwongozo una hoja, na kila hoja ina alama yake. Ukitaja hoja nne kati ya sita, unapata nne. Hizo mbili usizozijua hazikunyang'anyi hizo nne. Haba na haba, mama."

"Na nikiandika kisichokuwa kweli?"

"Kwenye nadharia hii hukatwi alama kwa kukosea, soma maelekezo ya juu. Lakini sikutumi ukabuni. Ukirundika uongo na ukweli, ukasema hili kisha ukasema kinyume chake, utajiharibia."

Mama Rula alikuwa anatazama mikono yake. Binti, ambaye ualimu ulikuwa umempa ulimi mwepesi, akaongeza kwa utani, "Wewe si ndiye unayewaambia akina mama wodini kwamba mficha uchi hazai?"

Utani ulianguka vibaya. Macho ya mama yalijaa machozi, na binti akaiweka kalamu chini.

"Nisamehe, mama. Nimevuka mpaka."

"Hukuvuka. Kaa nikwambie."

Ndipo akamweleza jambo ambalo hata marehemu mume wake hakuwahi kulisikia. Mwaka wake wa pili kazini, asubuhi yenye wagonjwa wengi, alikuta chati ya mama mmoja aliyejifungua jana yake ina nafasi tupu kwenye mapigo ya moyo. Mwenzake akamwambia ajaze tu, kila mtu anafanya hivyo. Akaandika themanini. Daktari akapita, akaona themanini, mapigo ya mtu mwenye afya, akaenda kwa mgonjwa wa kitanda kingine. Yule mama alikuwa anavuja damu ndani kwa ndani. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa, na mtoto wake analia kwenye kitanda cha pembeni.

"Hakuna aliyenishtaki. Mkuu wa wodi alitukusanya wote, akasema neno moja tu: usilo na hakika nalo, usiliandike. Akasema kwa wote, lakini mimi nilijua nani anaambiwa. Tangu siku hiyo, mwanangu, nikiandika kitu na moyo ukasita, nakikata. Siwezi kuandika themanini nyingine."

Binti alimfahamu mama yake kwa ukali, kwa usafi, kwa maneno ya kuchekesha. Huyu mwenye aibu ya miaka kumi na saba hakuwahi kumwona. Akainuka, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti cha karibu.

"Mama, yule mkuu alisema kweli, na wewe umeishika. Lakini tazama." Aliweka kidole juu ya mstari mmoja. "Homa. Maumivu ya tumbo la chini. Uchafu wenye harufu. Mapigo ya moyo kwenda mbio. Hivi una hakika navyo au huna?"

"Ninayo. Nimeviona kwa macho yangu."

"Basi kwa nini umevikata?"

Mama Rula akatembeza kidole juu ya mistari yake.

"Hukukata usichokijua," binti akasema. "Usichokijua hukukiandika kabisa. Ulichokata ni unachokijua. Nakuomba kitu kimoja tu: andika unachokijua, kinapoishia simama, uende swali linalofuata."

Wiki mbili zile walifanya hivyo kila Jumamosi na Jumapili. Mkono ulikuwa mgumu kuliko kichwa. Mara kwa mara ulikwenda mfukoni wenyewe kutafuta rula.

Siku ya mtihani, ukumbi ulikuwa na madawati yaliyotenganishwa, na kimya cha watu wenye njaa. Mama Rula alikuwa mkubwa kuliko wote, hata kuliko msimamizi. Alikwenda vizuri mpaka swali la mwisho, lenye alama kumi. Mama amejifungua nusu saa iliyopita. Sasa anavuja damu nyingi. Eleza hatua utakazochukua na sababu zake.

Katika maswali yote duniani, hili.

Aliona kitanda kile, akaona chati, akaona themanini kwa mwandiko wake mwenyewe. Alitaka kugeuza karatasi na kuliacha. Lakini akijumlisha kwa makisio aliyofundishwa, bila swali hili hafiki hamsini. Akavuta pumzi, akaanza na lile ambalo angelifanya hata angeamshwa usingizini: nitaita msaada, sitamwacha mgonjwa peke yake. Nitasugua tumbo juu ya mfuko wa uzazi mpaka ukaze, kwa sababu ukilegea mishipa inabaki wazi. Nitahakikisha kibofu ni kitupu, kwa sababu kikijaa kinauzuia mfuko kukaza. Nitapima mapigo ya moyo na presha mimi mwenyewe, na kuandika nilichopima. Nitakagua kondo la nyuma kama limetoka lote. Nitamfunika apate joto.

Akafika kwenye dawa. Jina alilijua. Kazi yake aliijua, inakaza mfuko wa uzazi. Kipimo hakukijua, namba mbili zilikuwa zinagombana kichwani. Sentensi ilikuwa imesimama njiani, na mkono ukaenda mfukoni ukaishika rula.

Akaishika hivyo kitambo. Kisha akaiacha humo humo, akaandika jina la dawa na kazi yake, akaweka nukta. Namba hakuandika. Zaidi ya hapo kulikuwa na mambo mengine, na aliyahisi yapo kama mtu anayehisi kuna chumba nyuma ya ukuta, lakini hakuyajua. Akaacha mistari mitupu, akakabidhi karatasi, akatoka nje.

Matokeo yalibandikwa baada ya mwezi. Alikwenda na binti yake. Vijana wakampisha njia. Binti akatembeza kidole kwenye orodha ya namba za watahiniwa, akafika, akasimama, akasoma mara mbili kama wasahihishaji wafanyavyo.

"Hamsini na tatu, mama."

Wenzake wakapiga vigelegele. Mmoja akamkumbatia kwa nyuma, nusura amwangushe. Yeye alisimama tu anatazama ile namba. Binti akaona uso wa mama yake haufurahi, ukamtisha.

"Mama, umefaulu. Unabaki wodini."

"Nimesikia." Machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta. "Hivi mwaka juzi nilikata mangapi, mwanangu? Na mwaka jana?"

Karatasi zile binti hakuziona, na hazitaonekana tena.

"Sikujifunza kitu kipya mwaka huu," Mama Rula akasema. "Hivi hivi nilivyo nilikuwa nayajua haya tangu mwaka juzi. Ni mimi tu niliyekataa kumwambia mtu."