Siku Kumi na Nane

Mfasiri yule alikuwa mkali wa tarehe kama wembe. Alitafsiri kilichoandikwa, basi. Mjane alimletea barua ya kudai pensheni ya marehemu mumewe, pamoja na vyeti vilivyotakiwa: cha ndoa, cha kifo na cha utumishi wake kiwandani.

Mfasiri alikunja uso. “Mama, hapa pana balaa. Mzee alifariki tarehe kumi na mbili Juni. Cheti cha kiwanda kinasema alifanya kazi mpaka tarehe thelathini. Warudishie wakisahihishe, la sivyo madai yatakataliwa.”

Mjane hakushtuka. “Wasahihishe nini, mwanangu? Siku zote hizo kumi na nane, kila alfajiri, nilisikia buti zake zikitoka mlangoni.” Akakigusa cheti taratibu. “Kumbe kazini alikuwa anafika.”