Mikono Miwili ya Kushoto

...kushoto, amesema kushoto, na chaki ya fundi ikabaki hewani juu ya kitambaa cha kijivu, sentimita mbili kutoka pale mstari wa bega ulipopaswa kuanzia, kwa sababu mpwa wake ameanza tena kutoka juu, ameishika simu ya duka kwa mikono miwili na anasoma kama mtu aliyesimamishwa mbele ya umati, "Nilikata mikono miwili ya kushoto, na mwenye gauni alikuwa amesimama mlangoni," kisha akamtazama, akasema, "Umeona, baba mdogo? Huo ndio mstari unaoonekana, mengine yote yanajificha mpaka mtu abonyeze 'zaidi', sasa nani atapita hapo bila kubonyeza?" na fundi akasema mm, ile mm yake ambayo marehemu mkewe alikuwa akiitafsiri kwa wateja, hiyo ni ndiyo, hiyo ni hapana, hiyo ni njaa, na sasa hakuna wa kuitafsiri, inatoka mdomoni na kuanguka sakafuni pamoja na vipande vya uzi... kushoto, mbona kushoto... "Saa saba kamili ninapandisha," mpwa akasema, "saa saba watu wako kwenye chakula, mkono mmoja kijiko, mkono mmoja simu," na saa ya ukutani ilikuwa saba kasoro dakika kumi na moja, na tawi la pili linafunguliwa Jumamosi, kibao kimeshapigwa rangi, vyerehani vitatu vimeshafungwa mezani, kioo kirefu kimeshatundikwa, hakuna kilichobaki ila kuwaambia watu, na kuwaambia watu ndiko hasa asikokujua.

Hakuwahi kukujua. Ukurasa wa duka aliufungua marehemu, miaka sita aliandika yeye kila kilichoandikwa humo, na kila mara aliandika mimi, mimi nilianza hivi, mimi nilikosea vile, na huyo mimi alikuwa fundi, naye fundi alikuwa akivisoma baadaye kama kila mtu, na mara nyingine ndipo alipojua alichokuwa akikifikiri. Mara moja tu aliachiwa aandike mwenyewe, akaandika "Suruali zipo," nukta, basi, na mkewe alicheka mpaka akaketi juu ya marobota. Wateja walikuwa wakimwambia, fundi, mbona kwenye simu mcheshi hivyo na hapa maneno yako ya kuhesabika kama vifungo, naye anageuza macho kwenye kaunta, na pale kaunta mwanamke ameinamia kopo la pini, mabega yanatikisika... na hii ya leo nayo ni yake. Mpwa aliikuta jana kwenye rasimu, haijapandishwa, imehifadhiwa wiki tatu kabla ya kifo chake, yote imekamilika, mwanagenzi, kosa, mwalimu wake Fundi Miwani, duka la kwanza, na mwishoni nafasi mbili tupu, mahali na tarehe, maana tawi lilikuwa bado maneno ya mezani. Aliacha nafasi kama anavyoacha fundi ziada kwenye mshono wa nguo ya mtoto, ili siku ikifika itolewe. Mpwa amezijaza jana, karibu na kituo, mkabala na duka la vioo, Jumamosi saa tatu asubuhi.

"Ila mimi ningebadilisha kitu," mpwa akasema polepole, na fundi akajua ni nini kabla hakijatoka, "samahani, baba mdogo, usikasirike. Mstari wa kwanza ungekuwa wa mama mdogo. Mwaka huu nilimzika mke wangu, na leo ninafungua duka aliloliota. Watu wangesimama. Wangelia." Akaongeza haraka, "Na si uongo," na kweli si uongo, hilo ndilo linalomchanganya, uongo ungekuwa rahisi, uongo mtu anaukataa kama anavyokataa kitambaa kilichofumuka, lakini hili ni kweli tupu, alimzika, na duka alikuwa akiliota yeye, na ukiliweka juu kabisa, kabla ya lile neno 'zaidi', linageuka kibao cha dukani, mtu anafika Jumamosi kupima suruali akiwa ameshalia kwa ajili yake, na je, atampunguzia upana wa kiuno huku macho mekundu yanamtazama... na asipoliweka? Asipoliweka mkewe hayumo. Duka lake, maneno yake, hata nukta zake, na hayumo. Mwenye gauni, basi. Mwenye gauni aliyesimama mlangoni, hivyo tu ndivyo alivyojiita, kama mpita njia.

"Watu wanataka suruali nyie," akasema Bobini kutoka kwenye cherehani cha kumalizia, hakuinua kichwa, ni fundi wa pindo kwa miaka kumi na mbili sasa na hajawahi kusema jambo akiwa amesimamisha mguu, "andikeni ukipimwa duka hili, duka lile wanakusoma," na mpwa akasema, "Imo, mjomba, sikia, Vipimo vyako ni vyako, si vya duka. Ukipimwa huku, kadi yako inasomeka kule. Tunapima kote kuwili, tunakata mahali pamoja, ili mkono uwe mmoja. Halafu saa za kazi, halafu namba, halafu wateja ishirini wa kwanza wanapunguziwa pindo bure, halafu inawaambia watu waandike chini nguo yao ya kwanza kushonewa ilikuwa ipi," na Bobini akasema, "Pindo bure, na atakayezipunguza ni nani? Mnanigawa kama karanga," akacheka, kisha akaongeza, kwa kuwa fundi ni fundi, "lakini hapo juu hebu rudia. Mikono miwili ya kushoto? Bosi, si ulituambia ya kulia?"

Ya kulia. Bila shaka ya kulia... au alikuwa akisimulia vibaya miaka yote. Kitambaa kilikuwa cha maua, kina uso mmoja tu, mgongo wake umefifia kama kilichofuliwa mara mia, na kilikuwa kidogo, hakikutosha kukunjwa mara mbili, kwa hiyo hukati mikono miwili kwa mpigo, unachora mmoja kwa karatasi ya umbo la mkono, unageuza karatasi chali, unachora wa pili. Kugeuza karatasi, kazi nzima ya siku ile ilikuwa hiyo. Mwanagenzi wa miezi mitano, masikio yako mlangoni ambako msichana mwenye kitambaa anabishana na Fundi Miwani kuhusu kola, msichana anasema kola ile itamfanya afanane na karani wa posta, na yeye akaisogeza karatasi badala ya kuigeuza, akachora, akakata, akaviinua vipande viwili, na vyote viwili vimechimbwa kwapani upande uleule, pacha, hawawezi kutazamana, ukimgeuza mmoja unaonyesha mgongo wa kitambaa. Maji yaliyomwagika. Fundi Miwani alivua miwani akaifuta, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kofi, na ni msichana aliyeingia, akavitazama, akasema, basi fupisheni gauni, mkono utapatikana kwenye pindo, mimi si mrefu hivyo wa kuburuza. Na ukapatikana. Vipande viwili vya pindo, vikaungwa, mshono ukapita katikati ya kiwiko, na alilivaa gauni lile miaka na miaka, hata siku ya kufungua duka la kwanza alilivaa... lakini mkono upi?

"Kulia au kushoto?" mpwa akauliza, "maana mafundi wenzenu watasoma, watatucheka, mtu ana maduka mawili na hajui alichokata," na saa ilikuwa kasoro sita, na fundi akafumba macho akaona maua, akaona kiwiko, lakini kiwiko kiligeuka kila alipokikaribia, kama kwenye kioo, kulia kikawa kushoto, na hofu ndogo ya kijinga ikampanda, kwamba kama hili nalo limeshampotea basi lipi limebaki, miezi minane tu na tayari hajui mshono ulikuwa mkono gani, mkono alioushika mpaka ulipopoa, ulikuwa... "Picha," akasema. "Hiyo picha ya kwanza uliyoweka."

Mpwa akamgeuzia simu. Yeye mwenyewe, mwembamba, futi shingoni, amesimama kando ya cherehani kimoja, siku ya kwanza ya duka la kwanza, na picha imekatwa mraba. "Inakata yenyewe," mpwa akasema, "ukiweka ni mraba, lakini ukivuta kidogo..." akaivuta kwa kidole, na ukingoni mwa picha ukaingia mkono juu ya kaunta, mkono tu, kiganja kimelala chini, vidole vikielekea kamera, kidole gumba upande wa kushoto wa picha, mkono wa kushoto, nguo ya maua, na kiwikoni mstari, ua limekatika katikati na nusu yake haikutani na nusu nyingine. Kushoto. Ulioungwa ni wa kushoto. Basi uliokosekana ulikuwa wa kushoto, basi alivyokata vilikuwa vya kulia, vyote viwili, kulia na kulia, hakukosea kusimulia, hakumpoteza... aliyekosea ni mkewe.

Mtu ambaye hakuwahi kukosea namba ya simu wala mtaa wala jina la mteja. Kwa nini aandike kushoto... kwa sababu kutoka mezani, kwa aliyeshika mkasi, kosa lilikuwa kulia. Kosa la kushoto lilikuwa la mtu mmoja tu, yule aliyekuwa ndani ya gauni, aliyeuhisi mshono ule kila akikunja kiwiko, miaka yote, kushoto, kushoto, kushoto. Ameandika mimi, mimi, mimi, sentensi thelathini amekuwa fundi bila kuteleza, na kwenye neno moja, la mstari wa kwanza, ule unaoonekana na kila mtu, ametokeza yeye. Wala hakujua.

"Bosi?" Bobini akasema, na safari hii mguu wake ulikuwa umesimama.

"Ilikuwa ya kulia," fundi akasema.

"Haya, nabadilisha," mpwa akasema, kidole tayari, "na ya mama mdogo je, nimweke pale juu?"

"Yumo," akasema. "Acha kushoto. Acha na huo mkono kwenye picha."

"Lakini umesema si kweli, baba mdogo. Watacheka."

Mm, akasema, na mpwa akamtazama muda, akijaribu kuitafsiri, na saa ilikuwa saba kasoro dakika tatu, na kitambaa cha kijivu kimelala pale pale kikingoja mstari wake wa bega, chaki bado hewani, na fundi akiwaza kwamba wacheke, wacheke wote wanaojua kazi, wasimame na vijiko mdomoni waulize, huyu fundi gani asiyejua kushoto kwake, waandike chini kabisa, mia, mia mbili, wamuulize yeye fundi, naye atawajibu mwenyewe, kushoto ni kwa nani...